Daftari la wasiwasi: siku nzuri nazo ziandikwe

Kaa nusu saa kwenye benchi la duka la dawa lolote Kigoma mjini, utasikia neno presha likibebeshwa mizigo mitatu. Wa kwanza amekuja kupima presha, yaani msukumo wa damu. Wa pili analalamika kwamba mwenye nyumba anampa presha, yaani anamfuatafuata kwa ajili ya kodi. Wa tatu ameshika kifua, anasema presha imepanda. Mashine inafungwa mkononi, inasoma 122 kwa 78. Muuzaji anamwambia, "Mama, mbona uko salama kabisa," na mama anaondoka na moyo uleule unaokwenda mbio, safari hii na aibu juu yake.

Makala hii ni ya huyo wa tatu. Mimi ni nesi, na watu wa aina yake nimewapokea wengi. Siku hizi wengine huja wakiwa wameshaambiwa na mtoto wao, au wamesikia redioni, kwamba dawa ya wasiwasi ni kuandika. Basi wameandika. Wananionyesha kurasa nne za kilio, na wananiuliza mbona hazijawasaidia. Tatizo mara nyingi ni moja: wameandika siku mbaya tu.

Maneno tuyaweke sawa kwanza

Wasiwasi ni neno lenye historia. Limetoka kwenye Kiarabu, ambako ni mnong'ono, na kwa wazee wetu wa Ujiji mtu mwenye wasiwasi ni yule anayerudia udhu mara tano kwa sababu kuna kitu kinamnong'oneza kwamba hakutawadha vizuri. Hapa nalitumia kwa maana pana zaidi: hali ya mwili na akili kujiandaa kwa hatari ambayo haijafika, na pengine haitafika.

Mfikirie mbwa wa mlinzi. Kazi yake ni kubweka mwizi akija. Mbwa huyo ana faida, hakuna anayetaka kumuua. Shida inaanza anapobwekea mbuzi, mgeni, jani la mgomba linalopigwa na upepo, mpaka nyumba nzima haipati usingizi. Akibweka, mwili unafanya yote ambayo ungefanya mwizi angekuwa mlangoni kweli: moyo unasukuma damu haraka, misuli inakaza, tumbo linavurugika, jasho linatoka, pumzi inakuwa fupi na ya haraka. Hizo ndizo dalili.

Ile ganzi ya vidole na midomo, ambayo huwatisha watu kuliko vyote, inatokana na pumzi. Ukipumua haraka kupita mahitaji, unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, na upungufu wake ndio unaoleta kizunguzungu na vidole kuchomachoma. Si kiharusi. Hofu ikilipuka kwa ghafla namna hii tunaita shambulio la hofu. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, halafu huanza kushuka.

Kichochezi ni kile kilichomfanya mbwa abweke: mahali, mtu, saa, wazo, kitu ulichokunywa, usingizi uliokosa. Mwenendo ndio ule utaratibu unaojirudia, ambao huuoni leo wala kesho ila ukitazama wiki nyingi kwa pamoja. Kutafuta mwenendo ni kukaa dirishani na kuandika saa anazobweka mbwa. Na ukiandika usiku aliobweka tu, usiandike usiku aliolala, hutajua kamwe tofauti ya usiku huo na ule.

Daftari lenyewe

Nimuelezee mama mmoja wa mwalo wa Kibirizi, anayeanika na kuuza dagaa. Nimemchanganya kidogo na watu wengine wawili ili asitambulike, lakini mambo yenyewe ndivyo yalivyo. Tumwite Mama Dagaa. Alikuwa amepimwa presha, sukari na wingi wa damu, akasikilizwa moyo, vyote vikawa sawa. Malalamiko yake yalikuwa haya: "Dada nesi, inakuja yenyewe. Haina sababu. Nimekaa tu, moyo unakimbia, nasema leo ndiyo leo."

Hakutaka daftari jipya. Nyumbani kwake wanalala watu saba, na daftari jipya ni swali. Kwa hiyo alichukua kauntabuku lake la madeni, akaligeuza juu chini, akaanzia nyuma. Mbele Mama Fulani anadaiwa ndoo mbili, nyuma mambo yake. Hakuna aliyewahi kulifungua upande ule.

Mstari wake ulikuwa na vitu saba tu: siku na saa, mahali, kilichokuwa kinaendelea, mwili umefanya nini, wazo gani lilipita, ukali kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na alichofanya. Huu hapa mmoja, nimeomba ruhusa: "Jumanne, saa 4 usiku. Kitandani. Hakuna kitu, wote wamelala. Moyo mbio, vidole ganzi. Nitakufa watoto wadogo. 8. Nimemwamsha binti tukakaa nje."

Hiyo namba inahitaji kufungwa kamba, la sivyo inatembea. Mtu aliyezoea kuteseka atasema 5 mahali ambapo mwezi uliopita angesema 8. Kwa hiyo tuliandika kwenye jalada maana ya namba kwa lugha ya kazi yake. Kwenye 3, anahisi lakini anaendelea kupima dagaa na kurudisha chenji bila kukosea. Kwenye 6, anamwachia jirani meza. Kwenye 9, anaamini anakufa. Siku yoyote iliyogusa 6 au zaidi tuliiita siku mbaya. Usipoweka mpaka wa namna hiyo tangu mwanzo, utauweka mwishoni kwa kufuata jibu unalolitaka.

Aliandika kwa nyakati mbili. Tukio likipita, mstari mmoja ndani ya saa moja hivi. Na kila jioni kabla ya chakula, mstari wa siku, hata kama hakuna kilichotokea: "Leo 1. Kahawa vikombe viwili. Nililala saa 6." Jioni kabla ya chakula, wala si kitandani, kwa sababu ukiandika hofu zako na kuzima taa hapohapo umempa mbwa mfupa.

Siku aliyosahau, aliiacha wazi. Hapa nilikuwa mkali. Ukijaza Jumapili mambo ya Jumatano, unajaza unachokumbuka, na kichwa cha binadamu kinakumbuka kile kilele na mwisho wa jambo, si wastani wake. Wiki yenye jioni moja ya kutisha inakumbukwa kama wiki ya kutisha. Nafasi tupu haidanganyi mtu.

Kesi ya kahawa

Baada ya wiki sita tulikuwa na siku 42. Mbaya zilikuwa 14. Mama Dagaa alikuwa ameshamkamata mwizi kabla hajaketi.

"Ni kahawa," akasema. "Nimehesabu mwenyewe. Siku mbaya kumi na nne, kumi nilikunywa kahawa."

Mtu yeyote angeshawishika. Na kahawa inashukiwa kwa haki: kafeini huharakisha moyo, na saa tano baada ya kunywa, takriban nusu yake bado imo mwilini. Kuna watu ambao wakiacha kahawa ya jioni nusu ya shida yao inaondoka. Ila swali lake lilikuwa limepindishwa. Hakutakiwa kuuliza siku mbaya ngapi zilikuwa na kahawa. Alitakiwa kuuliza siku za kahawa ngapi zilikuwa mbaya, kisha aziweke kando ya siku ambazo hakunywa.

Tukarudi kwenye daftari. Kijana wa birika anapita mwaloni karibu kila siku, kwa hiyo siku za kahawa zilikuwa 30, na kati ya hizo mbaya zilikuwa 10. Moja katika kila tatu. Siku zisizo na kahawa zilikuwa 12, mbaya 4. Moja katika kila tatu. Sawasawa kabisa. Kahawa ilionekana kwenye matukio mengi kwa sababu ilikuwepo karibu kila siku, kama vile mchungaji wa mbuzi anavyoonekana karibu na kila mbuzi aliyepotea na kila mbuzi aliyerudi.

Kama angeandika siku mbaya peke yake, zile siku nzuri 28 zisingekuwepo daftarini, angeacha kahawa yake bure, na wiki iliyofuata angekata tamaa kwamba hata kuacha hakusaidii. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Inahitaji visanduku vinne kwenye karatasi: kitu kilikuwepo na siku mbaya, kilikuwepo na siku nzuri, hakikuwepo na siku mbaya, hakikuwepo na siku nzuri. Kikikosekana kimoja, kesi haijasikilizwa.

Naongeza neno moja la kujihadhari. Kwa siku 12, tofauti ndogo haina uzito. Ingekuwa 5 badala ya 4 nisingesema kitu. Kinachotafutwa ni tofauti inayoonekana bila miwani.

Mbalamwezi

Tofauti ya namna hiyo ilikuwepo, na wala hatukuwa tumeipa safu yake. Niliiona kwenye kile kisehemu cha "kilichokuwa kinaendelea". Siku mbaya hazikutawanyika. Zilikuwa zimekaa kundi: wiki ya pili na mwanzo wa tatu, kisha tena wiki ya sita. Katikati, kimya kirefu. Na kwenye yale makundi alikuwa ameandika mara kwa mara: "Hakuna dagaa." "Mitumbwi imelala." "Hakuna kazi."

Kwa msomaji asiyejua ziwa: dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawavuta karibu na chombo, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yana mwanga, taa haina kazi, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu. Kwa hiyo mwalo una wiki za shughuli na siku za ukimya, na kila mtu pale anaishi kwa kalenda hiyo bila kuiandika ukutani.

Tukahesabu. Siku za mbalamwezi zilikuwa 15, mbaya 10. Siku za giza zilikuwa 27, mbaya 4. Theluthi mbili upande mmoja, moja katika kama saba upande wa pili. Alikaa kimya, akaangalia, akaniambia, "Kumbe ina sababu."

Hii ndiyo maana ya kusema wiki kadhaa, si siku saba. Wiki moja ya giza ingemwambia amepona. Wiki moja ya mbalamwezi ingemwambia anazidi. Kila mtu ana mzunguko wake: wanawake wengi huona dalili zikipanda siku za kabla ya hedhi, mwalimu anaona mwisho wa mwezi, mkulima wa tumbaku wa Urambo atahitaji kuangalia msimu wa masoko. Chukua muda unaovuka angalau mzunguko mmoja na kuingia wa pili. Na chagua kipindi cha kawaida. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, daftari la mtu wa Kibirizi lisingeonyesha mwezi wala giza, lingeonyesha kufungwa kwa ziwa tu.

Lakini mbalamwezi si kichochezi. Mwezi haumtishi mtu. Kuna kitu kinachokuja nao, na hapo tulikuwa na washukiwa wawili. Wa kwanza fedha: hakuna dagaa, hakuna mauzo, marejesho yanasubiri. Wa pili usingizi. Wakati wa giza anaamka saa 10 alfajiri kuwahi mitumbwi, akilala amechoka, anazima kama mshumaa. Wakati wa mbalamwezi hana pa kuwahi. Daftari lilionyesha alikuwa anapanda kitandani saa 3 usiku, na matukio mengi yaliandikwa kati ya saa 4 na saa 6. Saa tatu za kulala macho gizani, na kichwa kikipiga hesabu.

Fedha hatukuweza kuigusa. Usingizi tuliweza. Kwenye mbalamwezi iliyofuata alibadilisha kitu kimoja tu: alikaa nje na wenzake mpaka saa 5 usiku, akaamka saa 11 alfajiri kila siku, mitumbwi iwepo isiwepo. Zilikuwa siku tisa, mbaya zikawa tatu.

Ningependa kuandika kwamba tumempata mhalifu. Ila mwezi huo huo alikuwa amehifadhi magunia mawili makavu, akayauza dagaa walipoadimika na bei ilipopanda, kwa hiyo mfuko nao haukuwa tupu. Vitu viwili vilibadilika kwa pamoja, na daftari la mtu mmoja haliwezi kuvitenganisha. Aliendelea na vyote viwili, na kwa upande wake hilo lilitosha. Mimi ndiye niliyebaki na swali.

Ijumaa iliyotulia

Kati ya zile siku nne mbaya za giza, moja ilikuwa ya mtoto kulazwa na malaria, na haihitaji maelezo. Tatu zilizobaki zote zilikuwa Ijumaa. Tulipohesabu Ijumaa zote sita, mbaya zilikuwa tano. Siku nyingine 36, mbaya tisa, yaani robo.

Kikoba chake kinakutana Jumamosi asubuhi. Yeye alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba kikoba hakimsumbui, "nikifika pale nacheka na wenzangu." Na daftari lilimuunga mkono: Jumamosi sita, mbaya moja. Kilichomla ni jioni ya kukisubiri. Safu ya wazo ilirudia sentensi ileile karibu neno kwa neno: watanisema mbele ya watu. Kwa hiyo tukaongeza kitu cha nane kwenye mstari, ninachotabiri, na nafasi ya kujaza kesho yake, kilichotokea. Niliwahi kuona watu wakibishana na hofu yao kwa maneno miezi mingi bila kusogea. Nafasi hizo mbili hazibishani na mtu, zinasubiri tu kujazwa.

Kilichonifundisha zaidi kilikuwa ile Ijumaa moja tulivu, ya wiki ya nne. Ukali 2. Nilidhani amepata nafuu. Nikasoma alichofanya: "Nimeamua kesho nimtume binti apeleke marejesho." Basi hapakuwa na nafuu. Alikuwa amekwepa, na kukwepa kunatuliza papo hapo. Angalia Ijumaa iliyofuata, alipokuwa hana wa kumtuma: 9. Ndiyo namba kubwa kuliko zote za Ijumaa katika daftari lile. Mbwa alikuwa amefundishwa kwamba kikao ni hatari kweli, maana mbona mwenye nyumba mwenyewe alikikimbia?

Ndiyo maana safu ya "nilifanya nini" isiachwe kamwe, hata ukichoka. Siku nzuri iliyonunuliwa kwa kukwepa inafanana na siku nzuri ya kweli mpaka usome safu hiyo. Kuna anayeacha kupanda basi, anayeacha kwenda msibani, anayekaa kiti cha mlangoni msikitini au kanisani ili atoke haraka. Namba zao zinashuka, na maisha yao yanapungua pamoja nazo.

"Ukiandika unaita"

Wapo wanaosema jambo likiandikwa linaitwa. Nilikuwa nalicheka, sasa silicheki sana, kwa sababu lina ukweli wa upande mmoja. Nimemwona kijana aliyekuwa akihesabu mapigo ya moyo kila saa na kuyaandika kwenye simu. Ukishika shingo yako mara ishirini kwa siku, utakuta moyo unakwenda kasi mara kadhaa, kwa sababu umepanda ngazi, kwa sababu ni joto, kwa sababu unaogopa utakachokuta. Akaogopa, ukaongezeka, akaandika. Huko ni kujilinda na mwili wako mwenyewe kama mgambo. Mistari miwili mitatu kwa siku inatosha, na kipimo cha mapigo hakihitajiki humo. Ukiona kuandika kwenyewe kunakupandisha namba wiki ya pili na ya tatu, baki na mstari wa jioni peke yake, au acha kabisa.

Wengine wanaogopa kwamba daftari ni kumkana Mungu, au kwamba tatizo ni jini na jini haandikwi. Sijawahi kumwambia mtu aache dua au kuombewa. Ninachomwambia ni aandike: "nimesomewa, saa fulani, baadaye 4." Daftari linapokea kila kitu, na sheikh au mchungaji hana sababu ya kuliogopa. Sharti ni moja tu, siku ambazo hakusomewa nazo ziandikwe.

Na wapo wanaodhani kuandika ndiyo tiba. Siyo. Daftari halitoi jina la ugonjwa na halimponyi mtu. Kazi yake ni kufanya mazungumzo na daktari yaanzie mahali.

Cha kumpelekea daktari, na lini usisubiri

Usimpelekee daktari kauntabuku zima. Foleni ni ndefu, hatalisoma. Mpelekee ukurasa mmoja: wiki ngapi umeandika, siku mbaya ngapi kati ya zote, dalili tatu zinazojirudia, wakati gani zinakuja, umeacha kufanya nini kwa sababu yake, unakunywa na kutumia nini. Hilo la mwisho lina uzito. Dawa ya pumu ya salbutamol inaweza kuharakisha moyo na kutetemesha mikono. Pombe hutuliza usiku na kulipiza asubuhi. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu vyote hujifanya wasiwasi, na vinapimika.

Daktari atataka pia kujua muda. Wasiwasi mwingi unaokuja siku nyingi kuliko siku usizokuwepo, kwa miezi sita au zaidi, pamoja na usingizi mbovu, misuli kukaza na kushindwa kutuliza mawazo, ndio unaoingia kwenye kundi la ugonjwa wenye matibabu yake, ya mazungumzo au ya dawa. Kwa Kigoma, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, na kwa Tabora ni Kitete. Ukianzia kituo cha afya cha karibu watakuandikia rufaa.

Kuna mambo ambayo hayasubiri wiki sita wala siku moja: maumivu ya kifua yanayokuja ukibeba mzigo au kupanda mlima na kusambaa mkononi au taya, kuzimia, upande mmoja wa mwili kulegea, na mawazo ya kutaka kujiua. Hayo hayaandikwi. Unakwenda, au unamwambia mtu akupeleke, leo hii.

Mama Dagaa aliacha kuandika kila siku baada ya ile mbalamwezi ya tatu. Anaandika Ijumaa tu. Mara ya mwisho alinifungulia kauntabuku upande wa nyuma, nikasoma mstari wa juu kabisa: "Ijumaa, saa 2 usiku. Jikoni. Moyo kidogo. Ninachotabiri: mwenyekiti ataniuliza mbele ya watu. 5. Sijamtuma mtu." Na chini yake, kwa kalamu nyingine: "Jumamosi. Kweli ameniuliza. Kauliza ndoo ya dagaa bei gani."